Nafasi ya Mama Kijicho

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu: “Mama Kijicho, miezi minne imetimia. Unaweza kuchangia damu tena. Jibu NDIYO upangiwe saa.”

Mke wangu nilikuwa nimemzika. Hakuwa na simu, ndiyo maana aliandikisha namba yangu. Wakubwa wa damu wanajua siku ambayo mwili wake uko tayari, lakini kufa kwake hakuna aliyejisumbua kuuliza. Nikajibu NDIYO, nipate nafasi ya kuwagombeza ana kwa ana.

Wakanipa saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, mizani, na vitanda nyuma ya pazia. Mezani alikaa nesi wa makamo.

“Miadi ya nani, baba?”

“Ya Mama Kijicho.”

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. “Mama Kijicho mwenyewe yuko wapi?”

“Huko mnakotuma ujumbe. Muulizeni.”

Bibi mmoja pembeni akacheka, kisha akaona uso wangu, akajifunika mdomo. Nesi naye akaelewa.

“Pole sana, baba. Hatukuambiwa.”

“Nyinyi hamwambiwi kitu! Mishahara mnaambiwa. Mfuteni.”

“Hafutwi. Kumbukumbu ya damu aliyotoa lazima tuitunze. Ila naweza kuandika kwamba amefariki, na ujumbe utakoma. Nikishaandika, siwezi kurudisha. Unataka?”

“Andika. Andika sasa hivi.”

Akaandika kwenye kompyuta yake. Halafu akauliza kwa upole kama ningependa kutumia nafasi hiyo, maana iko wazi. Nikasema haya, mumchukue mzee. Akaanza: umri, uzito, dawa ninazotumia, homa za karibuni, nimeongezewa damu lini.

“Umekula leo?”

“Tangu jana mchana sijala.”

“Basi leo hapana, baba. Utaanguka hapa tukubebe.”

“Aliyekuwa akinipikia mmemfunga sasa hivi kwenye mashine yenu.”

Alinipa chupa ya maji, akamwita anayefuata.

Nilitoka nikijiona nimeshinda. Siku zikaenda. Nikapika ugali mgumu, nikala peke yangu. Majirani wanaponisalimia sasa wanasema “mzee”, si tena “mume wa Mama Kijicho”, na wanangu wakipiga simu wanauliza afya yangu tu. Jina la mama yao wanalizunguka kama shimo barabarani. Hata mimi kulitamka nashindwa.

Juzi gari la damu lilipita likitangaza. Nikaketi na simu mkononi mchana kutwa. Ikaingia meseji ya kampuni ya simu, na nyingine ya bahati nasibu. Nikapiga namba ya kituo cha damu, nikampata yule nesi.

“Ule ujumbe wa mke wangu, hauwezi kuja hata mara moja?”

“Nilikuambia, baba. Siwezi.”

Nikamtukana yeye na wakubwa wake wote. Alisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza: “Umekula leo?”

Nikakata simu.