Uso wa Jaafar

Simu ilitaka uso wa Jaafar, na Jaafar tulimzika Mombasa mwezi wa Rajabu.

Mimi ni fundi wa mashua hapa Kismayo. Jamaa zetu wa kisiwa cha Chula walioko Ulaya walinilipa mashua ya mwisho kwa sarafu za mtandaoni. Nikaziweka kwenye soko moja la sarafu hizo, kwa kitambulisho cha Kenya cha binamu yangu Jaafar, kwa kuwa mimi sina karatasi tangu tulipokimbia vita. Miaka miwili wenye soko hawakusema neno. Leo wamezifungia mpaka wamwone Jaafar usoni kwa kamera ya simu.

"Jasho ni langu," nilimwambia Nuha, binti wa ndugu yangu. "Wazizuie kwa nini?"

"Ami, kule funguo ni zao. Wewe waona hesabu tu, na ukitaka kutoa wawaomba wao. Ungezihamishia kwenye pochi yako mwenyewe ya simu, ungepewa maneno kumi na mawili, na hayo ndiyo funguo. Pochi haiulizi jina. Lakini ukiyapoteza, au mtu akiyaona, huna wa kumlalamikia."

"Na hawa nawalalamikia wapi?"

Nuha alichukua simu yangu. Akanifungulia pochi mpya, nikayaandika maneno kwa penseli yangu ya kazi. Hatimaye nilikuwa na pa kuweka mali yangu bila kuulizwa mimi ni nani, na sikuwa na mali ya kuweka.