Herufi Zinazosinyaa

Kinyozi aliurudisha ubao wa saluni yake kwa mchora mabango. Maandishi yalianza kwa herufi nene za kujivunia, yakasinyaa njiani, na neno la mwisho likawa dogo kama la kwenye chupa ya dawa.

"Mzee, saluni yangu nayo umeinyoa," alisema, akacheka peke yake.

Mchora mabango aliutazama tu ubao. Uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta. Binti yake, ambaye yeye humwita Injini kwa jinsi anavyoongea bila kuzima, ndiye aliyeomba radhi. Jioni ile kakake angempa funguo za karakana ya baba muuza simu aliyetaka kuipanga, na baba angehamia kwa kaka. Injini alikuwa amekubali. Alimuuguza mama yao kwa miaka, tangu alipoanza kupotea njia ya sokoni hadi alipomsahau mwanawe mwenyewe. Alidhani ugonjwa uleule umerudi nyumbani kumchukua na baba. Miadi ya kliniki mchana huo ilikuwa ya kukamilisha utaratibu tu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya raba. Alimsomea mzee maneno matano: kiatu, embe, ngoma, seremala, chumvi. Mzee akayarudia. Baadaye, baada ya vipimo vingine, akaulizwa ameyakumbuka yapi.

Mzee akatazama meza.

"Hayakumbuki," alisema Injini. "Baba alikuwa..."

"Mwanangu, nimemuuliza yeye."

Daktari akasubiri. Injini akaubana mkoba.

"Chumvi," alisema mzee hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Lingine ni tunda."

"Embe."

"Mtu wa kazi fulani."

"Seremala. Na ngoma."

La tano lilimshinda, lakini daktari alipomtajia kiatu, kofia na shati, alichagua kiatu bila kusita.

Injini alikunja uso. "Mama hakuwa hivyo. Ungemwambia tunda, angesema ndizi, na angekuapia kwamba ndilo ulilosema."

"Alitembeaje?"

"Mama? Upesi kuliko mimi. Tulimkimbiza mitaani. Na maneno tele, ila majina ya vitu yalimponyoka, kikombe anakiita kile cha kunywea."

Daktari alimwomba mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka na kwa upana. Vidole vilianza vizuri, kisha mwanya ukapungua, ukapungua. Daktari akaukunja mkono wa mzee kiwikoni. Ulikuja kwa mikatiko midogo, kama gia kuukuu. Mzee alipotembea, mkono wake wa kulia haukubembea.

"Unafikiria ule ugonjwa wa kutetemeka? Lakini hatetemeki," alisema Injini.

"Si wote hutetemeka." Daktari alimpa mzee karatasi aunganishe namba na herufi kwa zamu: moja, A, mbili, B. Mzee akaenda moja, mbili, tatu, nne, akakwama.

"Kumbe anachanganyikiwa."

"Kubadili gia ndiko kunakomsumbua. Kupanga, kuanza, kuhama kutoka jambo hadi jambo." Aliweka kalamu chini. "Mama yako aliumwa gamba la nje la ubongo. Pale neno jipya halikuwekwa kabisa, ndiyo maana hata ukimdokezea hakuna cha kuokota. Kwa baba, naona shida iko kwenye viini vya ndani kabisa, vinavyoongoza mwendo na mpangilio. Neno limo. Kulitoa ndiko kugumu, na kunahitaji muda. Nadhani ni huo ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Tutaanza dawa tuone mwili unaitikiaje."

"Atapona?"

"Hauponi. Kumbukumbu pia inaweza kuathirika zaidi huko mbele, sitakudanganya. Ila leo hajafika alikofika mama yako, na huenda asifike."

Alichora mistari miwili yenye nafasi kati yake, akamwambia mzee aandike jina lake katikati. Herufi zilishika mistari juu na chini, za kwanza sawa na za mwisho.

Mzee alizitazama kwa muda. "Injini," alisema, "ningepata nafasi ya kusema, ningekuambia mapema kwamba maneno yamo."

Injini alicheka huku akifuta macho.

Nje ya kliniki alimpigia kakake. "Usimpe muuza simu funguo."

"Si tulikubaliana? Baba ana ugonjwa wa mama."

"Hana. Njoo nikueleze, na ukifika muulize yeye mwenyewe kama anataka kuondoka. Kisha usubiri."

Kaka alikuja karakanani na funguo mkononi, muuza simu akiwa nyuma yake. Aliuliza. Mzee akatazama makopo ya rangi. Kaka akafungua kinywa. Injini akamkanyaga mguu. Muuza simu akakohoa.

"Sitaki," alisema mzee. "Ila wewe, kijana, huna bango. Kaa chini. Tuanze na rangi moja kwanza."

Injini tayari alikuwa akivuta mistari miwili ya chaki ubaoni.