Kinyozi Ana Mke

Sikatai, nina wivu. Anayetaka kunicheka na acheke, lakini kwanza akae mwaka mzima chini ya jina la mwanamke mwingine, ndani ya duka lake mwenyewe, halafu aje tuzungumze.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele mume wangu ananyoa, nyuma mimi nasuka, na katikati kuna pazia ambalo silifungi. Pembeni mwa dirisha alikuwa akikaa binti wa kupaka rangi kucha, tukimwita Kidosho. Siku fundi wa kampuni ya intaneti alipokuja kufunga ruta, mimi nilikuwa nimekwenda kununua nywele. Fundi akauliza mtandao uitwe nani. Mume wangu akajikuna kichwa. Kidosho akacheka kile kicheko chake cha kujilegeza, akasema, "Uuite Kwa Kidosho, watu wataupata." Nywila nayo akaitunga yeye. Niliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha.

Baadaye Kidosho akaondoka, akapanga chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Yeye akahama, jina likabaki. Kila mteja akifungua simu kwenye kiti changu, swali ni hilo hilo: "Dada, kumbe hapa ndipo kwa Kidosho?" Nikamwambia mume wangu tulibadilishe.

"Kwani jina linadai kodi?" akasema.

Eti linadai kodi! Mwanamume asiye na lake jambo hatetei jina la mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Ile ruta si yetu, ni ya kukodi. Mipangilio yake imefungwa na kampuni, hata ukiigeuza juu chini huambulii kitu. Kwa mkataba wa biashara walitaka barua iliyosainiwa na mwenye mkataba, na mwenye mkataba ni mume wangu. Basi nikaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora:

"Yah: Kubadilishiwa jina la mtandao na nywila. Tafadhali rejeeni mkataba wetu, namba yake iko hapo juu. Namba ya ruta tumeinakili kutoka kwenye kibandiko cha chini. Naomba jina la sasa, Kwa Kidosho, liondolewe kabisa, na badala yake liwekwe Kinyozi Ana Mke. Nywila mpya iwe nimeoatayari. Naomba jambo hili lifanyike haraka, kwani linaathiri familia."

Nilimpelekea akiwa na kichwa cha mtu mkononi. Akauliza, "Ni ile ya jina?" Nikasema ndiyo. Akasaini bila kusoma. Hapo ndipo alipokosea, si mimi.

Kampuni haibadilishi kitu kwa barua tupu. Lazima wampigie mwenye mkataba kwa namba waliyoiandikisha, wahakikishe ni yeye. Simu ikaja duka limejaa. Mume wangu mikono ina povu, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Habari za kazi, kaka. Tumepokea barua yako," akasema dada wa kampuni. "Nathibitisha tu. Jina jipya ni Kinyozi Ana Mke. Ni sahihi?"

Mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu akaangua kicheko hadi ikabidi wembe usimame hewani. Mume wangu alinitazama kupitia kioo. Sikuinamisha macho, kwani nimeiba?

"Kaka, upo? Ni sahihi?"

"Sahihi," akasema. "Badilisheni."

Walibadilisha wakiwa huko huko ofisini kwao. Taa za ruta zikazimika, zikawaka, na simu zote zikatupwa nje. Wateja wakaanza kulalamika. Nikazunguka kiti hadi kiti nikiwaonyesha jina jipya na kuwaingizia nywila kwa mkono wangu. Nilijisikia kama bibi harusi. Jioni nikapita mbele ya kwa Kidosho taratibu, makusudi.

Siku zikapita. Wote waliniomba nywila isipokuwa mtu mmoja, naye ni mume wangu. Nikadhani ameninunia, nikamwacha. Lakini mbona anatazama mpira kwenye simu bila kukwama? Vifurushi vya simu hanunui, namjua kwa ubahili. Alipokwenda kumwaga maji, nikaichukua simu yake.

Imeunganishwa: Kwa Kidosho.

Niliona giza. Jina nimelifuta mimi, kampuni imelifuta, na bado lipo ndani ya simu ya mume wangu, alama za mtandao zimejaa pomoni! Sikumngoja arudi. Niliingia kwa Kidosho na ile simu mkononi, wateja wake wamenyoosha vidole.

"Mdogo wangu, nywila yako umempa mume wangu lini? Na alikuja kuichukua saa ngapi?"

Kidosho akaweka brashi chini. "Dada, sijampa mtu."

"Simu hii inaongea uongo?"

Akaichukua, akaitazama, akaguna. Akanionyesha ruta mpya ukutani. Na yeye amekodi, kampuni hiyo hiyo. Alipoona jina lake limeondoka kwetu, akaomba awekewe hilo kwenye ruta yake, na nywila ile ile ya zamani, maana wateja wake wengi walianzia kwetu na simu zao zilikuwa zinaijua.

"Jina likiwa lile lile na nywila ile ile, simu haijui kama ruta ni nyingine," akasema. "Inajiunga yenyewe. Hata ya shemeji imejiunga yenyewe. Ungeliacha jina lenu, dada, ningetafuta jingine."

Wanawake wale walikuwa wakinitazama na kucha zao mbichi. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Kidosho alikuwa hajamaliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Nilihama kwa sababu ya macho yako. Shemeji hajawahi kunikosea hata siku moja. Alikuwa akiniambia nikuvumilie."

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa mlangoni, ndoo tupu mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akanyoosha mkono, nikampa simu yake, akarudi dukani. Nilipomfikia alikuwa anafunga mashine zake kwenye taulo.

"Kuna kiti kwa vinyozi wa sokoni," akasema. "Nitahamia kesho."

"Kwa ajili ya intaneti?"

"Umesikia nimetaja intaneti?" Hakupandisha sauti. "Nimenyoa mwaka mzima unanitazama mgongo. Nimechoka, mama. Nyumbani nitarudi kama kawaida. Hapa siwezi."

Na kweli akaenda. Mbele ya pazia sasa kuna kiti kitupu na kioo. Kutwa nzima nasuka, simwoni.

Jioni ya kwanza alirudi, nikamwekea chakula, nikakaa naye. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia neno moja tu, samahani. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikiuliza:

"Huko sokoni mko wangapi?"

Akaacha kutafuna. "Wanne. Wote wanaume."

Nikashusha pumzi. Sikukusudia isikike, lakini ilisikika. Mume wangu akabeba sahani yake, akaenda kumalizia chakula chumbani.