Viduara Vinane

Mhadhiri wa otomata, somo la mashine za kompyuta zinazochorwa karatasini tu, aliiandika barua ile akiwa amekasirika, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Binti mmoja, wenzake wakimwita Kimya, alikuwa ameshafeli somo lake mara mbili. Kila siku alikuwa mlangoni kwake na daftari: hapa nimekosea, Mwalimu? Na hapa je? Mhadhiri akachoka. Mtihani wa marudio ulikuwa umebaki wiki nne, na huo ndio ulikuwa wa mwisho. Akishindwa, anafungasha virago na chuo basi.

Akamwandikia hivi:

"Binti yangu, wiki ya kwanza ni mashine za viduara na mishale. Chora mashine yenye njia nyingi inayokubali kila mfuatano wa sifuri na moja ambao tarakimu yake ya tatu kutoka mwisho ni moja. Kisha igeuze iwe ya njia moja, kila kiduara na mshale mmoja tu kwa kila tarakimu. Utapata viduara vinne. Ukipata zaidi, umekosea, rudia. Wiki ya pili, kuthibitisha kwamba kuna lugha ambazo mashine hizo haziziwezi. Ya tatu, sarufi na mashine zenye mrundo wa kumbukumbu. Ya nne, mashine za utepe na mitihani iliyopita. Usivuke wiki moja kabla hujaimaliza. Na tafadhali, usinigongee mlango mpaka uwe umepata jibu."

Akaisaini, akampa, akashusha pumzi. Wiki nne nzima hakuna hodi. Mhadhiri akajipongeza, maskini, akidhani dawa imeingia.

Kimya aliufanya mtihani ule peke yake, na siku iliyofuata mhadhiri akakaa na kalamu nyekundu kuusahihisha. Swali la kwanza alikuwa amelitunga kwa makusudi ili ampe moyo: lilelile la tarakimu ya tatu kutoka mwisho. Binti alikuwa amechora viduara vinane, kila kimoja na mishale yake miwili, hakuna hata mshale mmoja uliopotea. Safi kabisa! Kisha akavikata vyote kwa mstari mmoja mrefu, na chini yake akachora vinne vya kulazimisha, mishale imegongana ovyo. Swali la pili hakuandika kitu. La tatu, la nne, la tano, karatasi tupu.

Mhadhiri akatazama mwongozo wake wa kusahihisha. Vinane. Mashine ya namna hii inahitaji kukumbuka tarakimu tatu za mwisho, na tarakimu tatu zina sura nane, kila sura na kiduara chake, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Vinne ni vya tarakimu ya pili kutoka mwisho. Lilikuwa swali la mwaka jana. Alibadilisha swali kwenye barua, akasahau kubadilisha jibu.

"Mungu wangu," akasema.

Alikwenda mbiombio kwa mkuu wa idara. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kazi iliyokatwa haisahihishwi, unajua wewe mwenyewe."

"Kosa ni langu!"

"Sikatai. Haya, tuseme tumeisahihisha. Hizo ni alama ishirini. Kufaulu ni arobaini. Kurasa tupu nitazipa alama gani, kaka?"

Mhadhiri akarudi kwake. Akamwita Kimya ofisini.

Binti aliingia na daftari kifuani, akaanza yeye kuomba msamaha. "Nisamehe, Mwalimu. Ile wiki ya kwanza ilinishinda. Kila nikichora vinatoka vinane. Sikuthubutu kuja."

Mhadhiri akalifungua daftari. Vinane. Ukurasa wa pili, vinane. Akahesabu mara kumi na tisa, kila mara na tarehe yake, ya kwanza ikiwa siku ileile aliyompa barua. Mbele ya hapo hapakuwa na wiki ya pili wala ya tatu.

Angeweza kunyamaza. Roho ilimshauri hivyo, na aliichukia.

"Vinane ndiyo sahihi," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Na nimejaribu kwa mkuu, imeshindikana."

Kimya akakaa kitini taratibu. Hakulia. Akaurudia ukurasa ule wa kwanza, akaweka kidole kwenye tarehe.

"Kwa hiyo nililipata siku ileile," akasema.

"Siku ileile."

"Na mama nimeshamwambia kwamba mimi sina akili ya mambo haya. Ameshakubali."

Kimya akamsogezea daftari.

"Basi nipigie vema, Mwalimu."

Mhadhiri akachukua kalamu nyekundu, akapiga vema ukurasa wa kwanza. Binti akafunua wa pili, akangoja. Akapiga. Wakaendelea hivyo mpaka wa kumi na tisa, kisha Kimya akalifunga daftari, akaaga kwa adabu, akaenda kurudisha vitabu vya maktaba.