Ng'ombe wa Mjomba Qamara

Wilibrodi Tluway alikuwa afisa uhusiano wa mradi wa maji, mwenye ofisi Karatu, meza moja, na imani kubwa katika bahasha. Kazi hiyo hakuisomea. Alijifunza kwa kusoma magazeti na kujiuliza habari zilikuwa zimefikaje humo, kisha akawa na hakika kwamba zilifika kwa bahasha nzuri.

Bahasha aliyoitengeneza kwa ajili ya uzinduzi wa bomba la kijiji cha Kakesio ilimgusa hata mwenyewe. Mbele kulikuwa na taarifa ya ukurasa mmoja, jambo kuu likiwa katika sentensi ya kwanza, na juu yake maneno: "Isichapishwe kabla ya Jumamosi saa sita mchana." Ikafuata karatasi ya takwimu, kisha historia fupi ya mradi, kisha wasifu wa meneja, Ndugu Bartolomeo, ambao ulikuwa mrefu kuliko historia ya mradi kwa sababu meneja aliusahihisha mwenyewe. Mwisho jina la Wilibrodi na namba ya simu, na picha moja yenye maelezo yaliyobandikwa nyuma: "Ng'ombe wa Kakesio wakinywa maji ya bomba jipya."

Siku ya Alhamisi bahasha zilipanda basi kwenda Arusha: mbili kwa magazeti, moja redioni. Wilibrodi alisimama stendi akalitazama basi mpaka likapotea, kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni.

Ijumaa asubuhi mjomba wake Qamara akateremka kutoka kijijini kwake Mbulumbulu, amevaa koti la kanisani.

"Mpwa wangu, gazeti linatoka lini?"

"Jumatatu. Kwani vipi?"

"Nataka nakala tano. Katekista anataka yake, na mwenyekiti wa kijiji. Nimewaambia wote kwamba ng'ombe wangu anatoka gazetini."

Wilibrodi akaweka kalamu chini. Picha ile aliipiga Mbulumbulu, kwenye birika la kunyweshea mifugo la mjomba. Wiki hiyo gari la mradi halikuwa na petroli ya kufika Kakesio, na filamu ilitakiwa iwahi kusafishwa Arusha. Alijiambia kwamba ng'ombe ni ng'ombe na maji ni maji. Hilo alikuwa amejiambia kwa utulivu sana, kama mtu mwenye busara.

"Mjomba, ng'ombe yule watu wanamfahamu?"

Qamara alimtazama kwa huruma. "Yule mwenye pembe moja? Aliyeivunja kwenye geti la misheni? Kila mtu aliyewahi kufika mnadani Karatu anamfahamu. Wamasai wa Kakesio walitaka kumnunua mwaka juzi, nikakataa. Watafurahi kumwona."

Watafurahi mno, akawaza Wilibrodi. Watacheka mpaka wasikike kule Enguserosambu.

Hakumwogopa mtu wa Kakesio kama alivyomwogopa Antonia, mwandishi wa gazeti moja la Arusha. Walipokutana mara ya kwanza, Wilibrodi alikuwa amemwomba aione habari kabla haijachapishwa, na Antonia akamjibu taratibu: "Ndugu Wilibrodi, gazeti hatulipeleki kwa mwenye habari akalisahihishe. Nikichoshwa na habari yako, nitaipunguza. Usipojua jibu, sema hujui, nitangoja. Ila usinipe kitu nitakachokuja kukiombea radhi." Tangu siku ile Wilibrodi alikuwa amempa majibu kabla gazeti halijafungwa, hata yale mabaya, na Antonia alikuwa amemwandika bila kumpindisha. Safari hii gazeti lisingemtuma mtu Kakesio. Antonia angeitegemea bahasha.

Wilibrodi akaingia kwa meneja, akamweleza habari ya picha.

"Ng'ombe ana kitambulisho cha ukaazi?" Bartolomeo aliuliza bila kuinua macho. "Wewe acha. Ukipiga simu kusema picha si ya kweli, watauliza na bomba ni la kweli?"

"Watauliza sasa, mzee, au watauliza Jumatatu pamoja na wasomaji."

Meneja akafunua faili jingine. "Wasifu wangu usiguswe," akasema.

Simu ya ofisi ilikuwa imekufa tangu mvua za masika, kwa hiyo Wilibrodi akaenda posta. Foleni ya stempu ilifika mlangoni. Opereta akamwunganisha na Arusha, na sauti ya Antonia ikaja ikikatika, kana kwamba anaongea ndani ya pipa.

"Ndugu Antonia, nina sahihisho la picha."

"Sikusikii."

"Picha. Ina kosa."

"Kosa gani? Sema kwa nguvu."

Wilibrodi, mtu ambaye hata kanisani aliimba kwa kunong'ona, akavuta pumzi. "Ng'ombe si wa Kakesio! Ni wa mjomba wangu!"

Foleni yote ikageuka. Karani wa stempu akaacha kulamba stempu.

"Na maji?" Antonia akauliza.

"Ya mjomba pia!"

Mzee mmoja katika foleni akamwambia jirani yake, "Basi huyo mjomba ni tajiri." Watu wakacheka, na Wilibrodi akaona kwamba kama angekuwa katika foleni hiyo, naye angecheka.

Antonia hakucheka. "Nani mwingine anayo?"

"Gazeti lile jingine. Nawapigia sasa hivi, maneno yale yale. Redio nitawaarifu, ingawa wao picha hawaihitaji. Takwimu za bomba ni sahihi, nimezihakiki na fundi. Kesho nitapiga picha Kakesio kwenyewe, na Jumapili asubuhi filamu itakuja na basi."

"Tunafunga kurasa Jumapili saa kumi. Ikichelewa, habari itatoka bila picha."

"Nimeelewa."

"Na maelezo ya picha, Ndugu Wilibrodi, yaandike baada ya kupiga. Si kabla."

Jumamosi, huko Kakesio, maji yalitoka, mengi na safi. Meneja akahutubia. Ng'ombe wakaletwa kwenye birika la saruji lililokuwa likimeremeta kwa jua kali, na wote kwa pamoja wakasimama. Mmoja akanusa ukingo akarudi nyuma. Wilibrodi alipiga magoti na kamera yake, akangoja. Hakuna aliyekunywa.

"Wanasubiri hotuba iishe," akasema Moringe, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyesimama kando yake akiegemea fimbo.

"Imekwisha, mzee."

"Wao hawajaamini."

Filamu ilikuwa inakaribia mwisho. Wazo la ng'ombe wa mjomba lilimpitia kichwani, akalifukuza. Akapiga picha aliyoiona.

Jumatatu gazeti lilitoka na picha kubwa: birika limejaa, na nyuma yake kundi la ng'ombe limekodoa macho. Chini yake ilisomeka: "Ng'ombe wa Kakesio wakilitazama birika jipya. Kamati ya maji inasema walianza kunywa jioni." Katika wasifu wa meneja ilibaki sentensi moja. Yeye mwenyewe alionekana pembeni mwa picha, kichwa kimekatwa na ukingo wake, na kwa wiki nzima Bartolomeo alimpita Wilibrodi ukumbini kama mtu apitaye mti.

Mjomba Qamara alinunua nakala tano kabla ya kuzitazama. Alizirudisha ofisini akaziweka mezani. "Hawa hawana hata adabu ya kunywa," akasema, na Wilibrodi akamwomba radhi.

Mwezi uliofuata simu ya ofisi ilifufuka. Aliyepiga alikuwa Antonia.

"Kuna mtu ameniletea habari kwamba maji yenu ya Kakesio yamewaharisha ndama. Niko tayari kuandika, lakini nimeona nikuulize wewe kwanza."

Wilibrodi alihisi jibu zuri likimjia mdomoni, lenye maneno mazito kuhusu ubora wa maji. Akalimeza.

"Sijui," akasema. "Naenda kuuliza. Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nitakupigia kabla."

"Sawa. Na Ndugu Wilibrodi, hakikisha ndama ni wa huko."

Safari hii Antonia alicheka, naye Wilibrodi akacheka, kisha akachukua koti akaenda kutafuta petroli.