Alama ya Mzee Mabula

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba. Kwa hiyo nilipopanda basi kutoka Shinyanga kwenda Ushirombo nilijiapiza: Zuhura, leo hata wakikutukania ukoo, utatabasamu.

Nilikuwa na sababu. Kaka yangu Abdulshakur ana karakana ya mabango na fulana pale mjini, na miaka yote hii michoro yote inayotoka humo ni yangu. Bango la duka la dawa, langu. Fulana za harusi, zangu. Yeye huja mwishoni, huweka mikono kiunoni na kumwambia mteja, "Umeonaje kazi yangu?" Safari hii Bwana Selestine, meneja wa Tujikwamue SACCOS, alinipigia simu mimi mwenyewe, akaniomba nije kuishawishi bodi ibadilishe sura ya chama. Nikipata kazi hii, nafungua ofisi yangu. Nikikosa, narudi kwa Abdulshakur kukata fulana na kusikiliza "nilikwambia" mpaka nizeeke. Aliniaga kwa kicheko, eti niwasalimie wakulima.

Bodi ilikaa kwenye ukumbi wa chama, viti vya plastiki, soda mezani. Umeme ulikatika nilipochomeka tu projekta, lakini mimi si mgeni wa nchi hii, nilikuwa nimechapisha kila kitu kwenye kitambaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sostenes, mwalimu mstaafu, anayekusikiliza huku akitafuta kosa. Kulia kwake Mama Apolonia, mfanyabiashara wa mpunga, ana sauti ya kusimamisha lori. Kushoto Mzee Mabula, mwenye ng'ombe ambao kwa heshima hawahesabiwi. Mwisho wa meza alikuwa Marcel, mwakilishi wa wachimbaji, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu na vumbi lake alikuja nalo. Na wajumbe wengine, ambao kazi yao ilikuwa kuguna.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," wakaitikia, na Mzee Sostenes akaongeza, "Kabla hujaanza, binti. Nembo inakopesha?"

"Haikopeshi, Mzee."

"Inaleta marejesho?"

"Hapana."

"Haya, endelea," akasema, kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.

Nikatabasamu. Nikaanza hotuba yangu.

"Waheshimiwa, naomba tuitazame nembo yenu ya sasa." Nikanyoosha kidole ukutani. "Kuna jembe. Kuna pamba. Kuna ng'ombe, jua, mikono miwili inayosalimiana, mwenge, sarafu, na hapa chini, samahani, sijui kama ni samaki au ni jani."

"Ni muhogo," akasema Mama Apolonia. "Nilipendekeza mimi."

"Ni muhogo mzuri, mama. Lakini safari iliyopita nilishinda sokoni na kwenye machimbo nikiwauliza watu, hii ni ofisi ya nini? Wengine waliniambia ni ofisi ya pamba. Mmoja aliniambia ni ya mifugo, alileta mbuzi achanjwe. Vijana wa machimboni wakaniambia hicho ni chama cha wazee. Na kwenye muhuri wenu picha zote hizo zinakuwa doa jeusi. Nembo nzuri ni ile mtu akipita na bodaboda, bila kusimama, bila kusoma, anajua: hawa ni fulani. Ikae kwenye bango, ikae kwenye muhuri, ikae kwenye simu, kwa rangi moja tu, na isipotee. Jina la chama halibadiliki, kwa hiyo katiba yenu hatuigusi. Tunabadilisha nembo, rangi, bango, vitabu vya wanachama na sare za wafanyakazi, na mkutano mkuu utapitisha bajeti. Ninyi leo nawaomba mkubali sura."

"Picha ni picha," akaguna Mzee Sostenes. "Mtu anajiunga kwa riba nafuu. Hakuna aliyewahi kuingia hapa kwa sababu ya mchoro."

"Kweli kabisa," wakasema wagunaji wote.

Moyo wangu ulianza kuchemka. Nikautuliza. Nikamwashiria Selestine, tukakunjua kitambaa.

Wallahi nilikuwa naipenda ile nembo. Mistari miwili iliyopinda ikitazamana, na katikati nukta moja. Rangi ya udongo mwekundu juu ya nyeupe. "Mistari hii ni mikono ya wanachama," nikasema. "Nukta ni akiba. Mikono inailinda. Basi. Nimeichota kutoka maisha ya hapa hapa kwenu."

Mama Apolonia akaweka soda chini. Marcel akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha Mzee Mabula akasimama taratibu, akavua kofia, na machozi yakamlengalenga.

"Sina la kusema," akasema. "Nimekitumikia chama hiki tangu kinaanza, lakini sikutegemea heshima kubwa namna hii. Asanteni sana. Asante, ng'wanone, mwanangu."

"Heshima gani tena, Mzee?"

"Hiyo si alama yangu?"

"Alama yako ya nini?"

"Ya ng'ombe!" Mama Apolonia akapasua sauti. "Hiyo ndiyo chapa anayochoma ng'ombe wake, paja la kushoto! Nani haijui? Mahari ya binti yangu ilikuja na hao hao!"

Ukumbi ukalipuka. Nami hapo ndipo nikakumbuka: nilipokuja mara ya kwanza kutazama mazingira, nilipiga picha kundi la ng'ombe lililokuwa linavuka barabara, nikapenda ile michoro mapajani mwao, nikajisemea hii ndiyo mistari ya kienyeji ninayoitafuta. Mtoto wa mjini mimi. Nilidhani ni urembo.

"Yaani nivae fulana hiyo," Mzee Sostenes akasema, "nipite mnada wa ng'ombe Runzewe? Watanikamata wanirudishe zizini kwa Mabula!"

"Na kila mwanachama akiwa na kitabu chenye alama hiyo," akasema Marcel, "tukifa tutazikwa au tutachinjwa?"

"Mimi ninaruhusu," Mzee Mabula akasema kwa upole. "Itumieni. Sidai kitu."

"Unaruhusu nini wewe!" Mama Apolonia akainuka. "Kama ni alama ya mtu, basi ya marehemu mume wangu ndiyo nzuri. Ina msalaba."

Mjumbe mmoja akasema ya kwao ina duara. Mwingine akasema ya ukoo wake ilikuwapo kabla ya duara. Mwingine akapendekeza ziwekwe zote, zizunguke muhogo. Marcel akagonga meza: yeye hana hata kuku, ina maana hana chake humu ndani? Mzee Sostenes akagonga chupa ya soda kwa kalamu, hakuna aliyemsikia. Alipopata nafasi akasema, "Tunamshukuru mgeni wetu. Jambo hili tuliahirishe mpaka mwakani."

Mwakani! Nikamwona Abdulshakur, mikono kiunoni. Hapo kiapo changu cha basini kikaenda zake.

"Haahirishwi mtu hapa!" Nikapiga meza, soda zikaruka. "Nyie wazee mna nini? Asubuhi nzima mnaniambia picha ni picha! Mchoro hauleti mtu! Haya, nimeweka kitambaa, hakina jina, hakina neno hata moja. Nani alihitaji kusoma? Nani aliuliza ni cha nani? Mmekitambua wote kwa mpigo, na nusura mpigane! Mistari miwili na nukta imemliza mzee mzima, halafu mnaniuliza nembo inafanya kazi gani? Kazi ndiyo hiyo! Kinachowauma si mchoro. Kinachowauma ni kwamba mchoro unasema chama ni cha Mabula, na kila mtu ataamini!"

Selestine alikuwa anatazama dari. Nikajua nimejimaliza, nikaanza kukunja kitambaa.

"Subiri," akasema Mzee Sostenes. Kidevu chake kikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Binti ametushika. Ametushika pabaya. Mabula, wewe mwanao akitoka kujitegemea, alama yake anaipataje?"

"Anachora chini hapo joshoni, ng'ombe wanapoogeshwa," akasema Mzee Mabula, bado anajifuta macho. "Wachungaji wote wapo. Kama ina mwenyewe, watasema. Anafuta, anachora nyingine, mpaka apate isiyo na mtu."

"Basi na afanye hivyo. Josho ni hili hapa. Mpe chaki."

Nikasimama mbele ya ubao wa ukutani. Nikachora pembetatu. "Ya akina Masalu," wakasema. Nikafuta. Mwezi mchanga. "Ya mjane mmoja kule Uyovu, mkali huyo, futa upesi." Nikafuta. Mistari iliyokatana, nyota, kitu kama jicho. Kila kimoja kilikuwa na mtu, na mtu ana ng'ombe, na ng'ombe ana kesi. Jasho likanitoka, lakini sasa wote walikuwa wamesogeza viti mbele, hata wagunaji. Nikachora mstari mmoja mrefu umelala, na chini yake mifupi mitatu imesimama.

Wakatazamana.

"Hiyo?" akauliza Mzee Sostenes.

"Hiyo haina mtu," Mzee Mabula akasema, kwa masikitiko kidogo.

"Hayo ni matimba," akasema Marcel. Alikuwa amesimama. "Magogo tunayoyaweka shimoni ili juu kusituangukie. Yakiwa mabovu, mnakufa wote."

"Matimba gani, hilo ni ghala la mpunga," akasema Mama Apolonia. "Tazama miguu yake. Panya hapandi."

"Mimi naona dawati," akasema Mzee Sostenes, ualimu haujamtoka.

Nikaacha waone. Sikusema neno, na mimi kunyamaza ni ibada. Nikachora tena kidogo sana pembeni, ukubwa wa muhuri, nikamwambia Marcel aende mlangoni aitazame kutoka kule. Akaiona. Walipoinua mikono, Mzee Mabula alikuwa wa mwisho, lakini aliinua.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mzee Sostenes akavaa miwani akachukua makaratasi yangu ya bei. "Sasa mkataba. Tunauandika kwa jina la Abdulshakur."

"La nani?"

"Ndiye aliye hapa juu." Akageuza karatasi. Ilikuwa ya karakana. Kichwani jina la kaka, simu ya kaka, nembo ya kaka, ambayo hata hiyo niliichora mimi. Sikuwa na karatasi nyingine. "Wewe ni nani wake? Mfanyakazi?"

"Mdogo wake."

"Basi mwambie aje asaini. Hapa hatununui ng'ombe kwa aliyeshika kamba, wakati pajani kuna alama ya mwingine."

"Lakini kazi ni yangu," nikasema. Nikarudia kwa nguvu, karibu kwa kilio. "Kazi ni yangu mimi! Tangu zamani ni yangu mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mama Apolonia akanisukumia kalamu. Nikaishika ile karatasi, nikachana kichwa chake chote, kaka na simu na nembo, nikakikunja nikakitia mkobani. Pale juu palipobaki pametatuka nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

"Lete leseni na namba ya mlipakodi kwa jina hilo hilo," akasema Mzee Sostenes. "Na risiti pia. Hapo tutasaini."

"Nitaleta."

Mzee Mabula akainama juu ya karatasi, akaitazama kwa makini, jicho moja amelifumba.

"Na alama hii," akauliza, "umehakikisha haina mwenyewe?"

"Ina mwenyewe, Mzee," nikamwambia. "Mwenyewe ndiye mimi."