Ng'ombe Hajafika

Darasa la pili lilikuwa na sifa moja iliyotangazwa hadi getini: watoto wake walijua Kifaransa. Mkuu wa shule alikuwa ametundika bango kuhusu jambo hilo, na kila mgeni alisimamishwa mbele yake kwa heshima inayostahili sanamu ya shujaa.

Aliyewafundisha walimwita Madam Bofya. Alikuwa mwalimu wa majaribio, na siku ya wazazi ndiyo ingeamua kama ataajiriwa au atafungasha virago. Kadi zake alizitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Kila kadi ilikuwa na picha, chini yake neno la Kifaransa. Ukibofya, maana yake kwa Kiswahili inatokeza. Ilikuja picha ya ng'ombe, chini yake vache. Kabla kidole cha madam hakijagusa kitufe, darasa zima lilishapaza sauti: "Ng'ombe!"

Hawakukosa hata mara moja. Madam alilala usingizi mnono muhula mzima.

Siku ya wazazi ukumbi ulifurika. Mkuu alipanda jukwaani kwa hatua za bwana harusi, akatangaza kwamba shule hii haina uchoyo, na papo hapo akawagawia wazazi wote nywila ya mtandao. Wazazi walipiga makofi, kisha wakainamia simu zao wote kwa pamoja, kama waumini.

Madam Bofya akawasha projekta. Kadi ya kwanza ikatokea. Neno vache lilikuwepo. Juu yake, mahali pa picha, palikuwa na kisanduku cheupe kitupu.

Picha zile hakuwa amezihifadhi ndani ya kompyuta. Zilivutwa kutoka mtandaoni kila kadi ilipofunguka, na mtandao wote sasa ulikuwa mikononi mwa akina baba waliokuwa wakitazama mpira.

"Haya, wanangu," alisema. "Hii ni nini?"

Watoto walikikodolea macho kile kisanduku. Hatimaye Kengele, binti aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, akasimama.

"Madam, mnyama hajafika."

"Mnyama gani?"

"Sijui. Si hajafika!"

Madam akabofya. Likatokeza: ng'ombe.

"Aaaah!" watoto walishangaa, kana kwamba hawajawahi kuliona neno vache maishani. Na kweli, hawakuwa wameliona. Macho yao yalikuwa kwa picha ya ng'ombe.

Kadi ya pili, ya kiti: chaise. Kisanduku kitupu.

"Naye huyu amechelewa," alisema Kengele.

Bibi yake, aliyekaa safu ya mbele, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, kumbe Kifaransa chako kinasubiri usafiri?"

Mkuu alimsogelea madam, akinong'ona huku akiwatabasamia wazazi. "Sema ni mtandao. Sema ni mtandao tu, tumalize, nawe kesho una kazi."

Na kweli ulikuwa mtandao. Madam alifungua kinywa aseme hivyo, lakini Kengele alikuwa bado amesimama, akikitazama kile kisanduku kwa imani yote, akingoja kiti.

"Wazazi wangu," madam alisema, "watoto hawa wanajua sana Kiswahili. Muhula mzima wameangalia picha, wakanitajia wanachokiona. Hawakulihitaji neno hata kidogo. Kosa ni langu, niliweka jibu juu ya swali. Kifaransa tunaanza Jumatatu."

Bibi peke yake ndiye aliyepiga makofi. Mkuu aligeuka rangi ya chaki.

Ofisini baadaye alizunguka meza kwa muda mrefu. "Bango limegharimu," alisema hatimaye. "Siwezi kulishusha. Nakupa muhula mwingine mmoja, uwafikishe huko linakosema."

Jumatatu kadi zilikuwa zimegeuzwa. Neno lilikuja peke yake. Picha ilihamia upande wa pili, ijitokeze pamoja na jibu baada ya kubofya, na safari hii ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kompyuta.

Vache. Watoto wakanyamaza. Wakakunja nyuso, wakauma penseli, mmoja akatazama dari.

Mkuu, aliyekuwa akipita nje, alichungulia dirishani kwa hofu. "Madam, mbona kimya? Mtandao umeharibika tena?"

"Hapana, mzee. Wanafikiri."

Mkuu alisimama pale pale. Katika miaka yote ya uongozi wake hakuwa amewahi kusikia jambo hilo likifanyika, na hakujua kama linaruhusiwa.

Mkono wa Kengele ukapanda polepole. "Ni... ng'ombe?"

Madam akabofya.

"Amefika!" akapiga kelele Kengele, na Mkuu akaruka kule dirishani.